Slaidi 38, karatasi moja ya kukunja

"Shikamoo Bi. Naendesha warsha ya ulezi hapa Lamu. Washiriki ni 24: mafundi wa milango, washonaji, wajenzi wa majahazi wa Matondoni na walimu. Kila mmoja ana kijana anayemfunza kazi. Slaidi zangu ni 38, nimekutumia pamoja na barua hii. Mwisho wa warsha huwapa fotokopi zake, wakazikunja na zisifunguliwe tena. Nataka waondoke na karatasi ya kujitafakari yenye mpango wa utekelezaji. Nimejaribu kuweka mistari chini ya kila slaidi, lakini naona haiji. Nianzie wapi?"

Marahaba, mwanangu. Uliposema umeweka mistari chini ya kila slaidi nikajua ulipokwama, maana nami nilianza vivyo hivyo. Slaidi ni maneno ya msemaji. Huandikwa kwa mkato ili wewe usimame mbele uijaze kwa mdomo. Ukiichukua ilivyo ukaitilia mistari, mshiriki hana la kuandika ila kukurudishia ulichokwisha kumwambia. Ataandika "kusikiliza ni muhimu", ataweka kalamu chini, na karatasi itakuwa imejaa bila yeye kujitazama hata mara moja. Kwa hiyo usianze na mistari. Anza kwa kutafuta, katika hizo 38, ni zipi zinazogusa jambo ambalo mshiriki peke yake ndiye mwenye jibu lake. Hizo ndizo za kugeuzwa maswali.

Nimezipitia slaidi zako zote na kuzigawa mafungu. Kumi na moja ni zako wewe mwezeshaji: jalada, ratiba, michezo ya kuchangamshana, mapumziko ya chai, shukrani. Hizo zitoke bila majadiliano. Ishirini na moja ni za maelezo: mlezi ni nani, tofauti ya mlezi na mwalimu, faida za ulezi. Ni nzuri kusikilizwa, lakini hazimdai mtu chochote. Zikibaki, zibaki kwako. Zinasalia sita: ya kusikiliza, ya hatua za ulezi, ya kumkosoa kijana, ya mipaka, ya kumwachia kazi, na ya kuweka malengo. Katika hizo sita nakushauri uchukue nne tu. Ya kumkosoa na ya mipaka ziache kwa mazungumzo ya ana kwa ana, kwa sababu mtu akiandika kweli yake kuhusu mambo hayo mawili huwa anaandika pia siri ya kijana wa mwenzake wa jirani, na karatasi hupotea.

Kabla hujaandika swali lolote, toa maneno yote nje ya slaidi uyasome bila picha. Katika PowerPoint fungua View, halafu Outline View, au hifadhi faili kwa aina ya Outline/RTF uifungulie kwenye Word. Lakini angalia: maneno uliyoyaandika ndani ya visanduku ulivyovichora mwenyewe hayatokei huko. Yanayotokea ni yale tu yaliyo katika nafasi za kichwa na za mwili wa slaidi. Slaidi yako ya 22 ya kusikiliza ina kisanduku cha namna hiyo pembeni, nacho ndicho kilichobeba neno zito kuliko yote. Basi linganisha ukurasa kwa ukurasa. Na vidokezo unavyojiandikia chini ya slaidi, vile vya kusomwa na msemaji, navyo havitoki kwa njia hiyo. Vitazame kwa View, kisha Notes Page.

Vidokezo hivyo usivipuuze. Chini ya slaidi hiyo ya 22 umeandika, kwa kujikumbusha, "waulize nani alisema zaidi mara ya mwisho". Hilo ndilo swali! Ulikuwa nalo tangu mwanzo, ila ulilitoa kwa mdomo likaenda na upepo. Karibu kila slaidi njema ina swali la namna hii ambalo mwezeshaji huliuliza akiwa amesimama, na asiliandike popote. Kaa na yeyote aliyehudhuria warsha yako iliyopita, umuulize anakumbuka uliwauliza nini. Atakutajia mawili au matatu, na hayo yatakuwa na uzito kuliko nukta zote za slaidi.

Sasa tuigeuze slaidi hiyo pamoja, hatua kwa hatua. Inasema: "Mlezi mwema husikiliza zaidi ya anavyosema." Jaribio la kwanza la watu wengi ni "Kwa nini ni muhimu mlezi asikilize?" Hilo ni swali la mtihani, na jibu lake liko ukutani. Jaribio la pili ni "Je, wewe ni msikilizaji mzuri?" Hapo mtu atajibu ndiyo, au ataandika "najitahidi", kwa sababu umemtaka ajipe sifa au aibu, naye ni mtu mzima mbele ya wenzake. Kinachokosekana katika yote mawili ni tukio. Mtu hawezi kujitafakari juu ya tabia yake kwa jumla. Anaweza kutafakari juu ya Jumanne iliyopita. Basi liandike hivi:

"Kumbuka mara ya mwisho wewe na mwanagenzi wako mlipozungumza kuhusu kazi kwa zaidi ya dakika tano. Mlikuwa wapi? Nani alianza? Andika sentensi moja aliyoisema yeye, kwa maneno yake mwenyewe."

Soma tena kile kipande cha mwisho. Mlezi aliyesikiliza ataandika sentensi hiyo bila taabu. Ambaye hakusikiliza ataikumbuka hotuba yake mwenyewe yote, na atakapofika kwenye maneno ya kijana, kalamu itasimama. Hapo huhitaji kumwambia chochote. Nimeliona hilo kwa watu wenye miaka 30 kazini, wakiitazama karatasi wakanyamaza kitambo. Kwa hiyo waandikie chini yake, kwa herufi ndogo: "Ukiwa huikumbuki, andika: siikumbuki." Usipowapa ruhusa hiyo watabuni sentensi, na utakuwa umewafundisha kusema uongo kwa maandishi.

Swali la tukio lisiachwe peke yake. Mwalimu mmoja wa Marekani, Terry Borton, mwaka 1970 aliyapanga maswali matatu mepesi ambayo hadi leo wanaofundisha kujitafakari huyatumia: nini, kwa hivyo nini, na sasa nini. La kwanza huuliza kilichotokea. La pili huuliza kinaonyesha nini. La tatu huuliza utafanya nini. Karatasi nyingi huruka la pili. Hutoka kwenye kisa moja kwa moja hadi kwenye ahadi, na ndiyo maana ahadi zote hufanana. Weka basi swali la katikati: "Kutokana na ulichoandika hapo juu, mwanagenzi wako amejifunza nini kuhusu wewe?" Mwanzoni nilikuwa nikiuliza "wewe umejifunza nini", nikawa napata maneno matamu. Nilipomgeuza mtu ajitazame kwa jicho la kijana, majibu yakaanza kuwa na mifupa: "amejifunza kuwa nikishika patasi nisisemeshwe", "amejifunza kungoja mpaka niondoke".

Slaidi ya kumwachia kazi nayo igeuze kwa njia hiyohiyo: "Ni kazi gani unayoifanya mwenyewe mpaka leo, ilhali mwanagenzi wako angeiweza? Mara ya mwisho alipoigusa ilikuwaje?" Hapa jihadhari na neno "kwa nini". Ukimuuliza fundi kwa nini hajamwachia kijana kazi, atajitetea. Ukimuuliza ilikuwaje, atakusimulia, na sababu itakuwa ndani ya masimulizi.

Slaidi ya hatua za ulezi ni ya aina nyingine, kwa kuwa ina elimu ndani yake ambayo haifai kutupwa. Zile hatua nne ulizoweka ni za mtafiti Kathy Kram, wa mwaka 1983: kuanza, kukuza, kutengana, na kuufanya uhusiano upya. Usiwaulize wazitaje. Chora mstari mmoja mlalo, weka alama nne juu yake na jina la kila hatua, kisha andika: "Weka X mahali ulipo na mwanagenzi wako leo. Weka duara mahali unapodhani yeye angeweka X yake." Ni sekunde 20 za kazi, lakini mlezi ambaye X yake iko kwenye kukuza na duara lake liko kwenye kutengana ana jambo la kulifikiria usiku. Hapa Lamu hatua ya tatu ina uchungu wake, maana kijana akijua kazi hufungua karakana yake mtaa wa pili, au huenda Mombasa, na mlezi huona amenyang'anywa. Ukiwa na muda wa kuongeza sentensi moja ya maelezo kwenye karatasi nzima, iweke hapo: kutengana ni hatua ya ulezi kama nyingine.

Tuje kwenye karatasi yenyewe. Chukua A4 moja, uichapishe pande zote mbili, uikunje katikati. Unapata kijitabu cha kurasa nne, kila moja milimita 148 kwa 210, kinachoingia mfuko wa kanzu au mkoba. Karatasi ya kukunja mtu huiona ni kitu, wakati rundo la fotokopi zilizobanwa pini huliona ni taka. Katika Word nenda Layout, Margins, Custom Margins, na kwenye Multiple pages uchague Book fold. Yenyewe itapanga ukurasa wa nne ukae pamoja na wa kwanza upande wa nje. Unapochapisha chagua Flip pages on short edge, la sivyo nusu ya kijitabu itakuwa juu chini. Ukipeleka kwa mtu wa saiba, mpelekee nakala moja uliyoikunja kwa mkono kama kielelezo. Maneno matupu hayatoshi.

Pembezoni weka sentimita 1.5. Urefu unaobaki ni milimita 180. Mkono wa mtu mzima unahitaji mstari wa milimita 9, na kwa mafundi ambao hawashiki kalamu kila siku usishuke chini ya hapo. Maana yake ukurasa mzima ni mistari 20 tu, na maneno ya maswali yanakula sehemu yake. Hesabu hiyo ndiyo itakayokulazimisha kuchagua, na ndiyo inayokuzuia kurudi kwenye maswali 38. Mistari usiichore kwa kubonyeza alama ya chini mara 60, kwa maana ukibadilisha neno moja yote yanateleza. Tengeneza jedwali la safu moja, kimo cha kila mstari kiwe sentimita 0.9 kamili, uache mpaka wa chini tu uonekane.

Ukurasa wa kwanza uwe na jina la warsha, nafasi ya tarehe, ule mstari wa hatua nne, na sentensi moja niliyoikokotezea wino: "Karatasi hii ni yako. Hakuna atakayeikusanya." Wa pili ndio wa tafakuri: swali la mazungumzo ya mwisho, mistari mitano, swali la "amejifunza nini kuhusu wewe", mitatu, swali la kumwachia kazi, minne. Jumla 12, na pamoja na maneno ya maswali ukurasa umejaa vizuri.

Ukurasa wa tatu ni mpango wa utekelezaji, nami nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo karatasi nyingi hufia. Slaidi yako ya malengo ina visanduku vitano: lengo liwe bayana, lipimike, liwezekane, liendane na hali, liwe na muda. Ukiviweka visanduku hivyo kwenye karatasi, watu watajaza visanduku. Nimeona fundi mzima akiandika "ndiyo" katika vyote vitano. Mpango unaofanya kazi una sehemu chache: tendo moja, saa na mahali, na kikwazo kilichoandaliwa jibu mapema.

Sehemu hii ya mwisho ndiyo watu huiacha, nayo ndiyo yenye nguvu. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, aliandika mwaka 1999 kwamba nia peke yake, hata ikiwa ya dhati, mara nyingi haifiki kwenye tendo, na kwamba mtu akiifunga nia yake na hali fulani, "ikiwa hivi, basi vile", hupata nafasi kubwa zaidi ya kutenda. Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 ya namna hiyo, wakaona tofauti si ndogo. Sababu yake ni nyepesi kuielewa: saa ya tendo ikifika, mtu hana haja ya kuamua tena. Alikwisha kuamua akiwa ametulia. Mipaka yake ni hii, kwamba haimsaidii mtu asiyelitaka lengo lenyewe, na ndiyo sababu ukurasa wa pili lazima utangulie wa tatu.

Nikupe mfano kamili. Tuseme fundi mchongaji wa milango, karakana yake iko Langoni, ana kijana wa mwaka wa pili. Kwenye ukurasa wa pili ameandika kwamba hakumbuki sentensi yoyote ya kijana, na kwamba mfaa wa mlango huuchonga mwenyewe kila mara. Anafika ukurasa wa tatu. Mara ya kwanza anaandika: "Nitamsikiliza zaidi kijana wangu." Maneno mema, lakini hayana siku wala mahali, na hata yeye mwenyewe hatajua kama ameyatimiza. Karatasi yako lazima imsukume mbele bila wewe kuwa begani kwake, kwa hiyo vidokezo viandikwe kwa sentensi zilizoanzwa, yeye azimalize:

"Tendo moja ambalo mtu akisimama mlangoni angeliona kwa macho: nita…"

"Siku gani, baada ya nini, mahali gani: …"

"Kinachoweza kunizuia siku hiyo: ikiwa … basi nita…"

"Mtu atakayeniuliza kama nimefanya, na lini: …"

Tazama kidokezo cha kwanza. "Angeliona kwa macho" ndiyo sumaku. "Kusikiliza" hakuonekani kwa macho. Fundi wetu anafuta, anaandika: "Nitaweka patasi chini na kumuuliza, leo ulikwama wapi, na sitaishika mpaka amalize kusema." Kidokezo cha pili nimekiandika "baada ya nini" kwa makusudi, badala ya saa. Watu wetu hupanga siku kwa swala, kwa maji kujaa na kupwa, na kwa kazi. "Saa kumi kamili" itasahaulika. "Jumatatu na Alhamisi, tukirudi kutoka swala ya alasiri, kabla ya kuanza kazi" ina kitu cha kuikumbusha. Cha tatu anaandika: "Ikiwa kuna mteja anangoja, basi nitamwambia kijana tukae barazani baada ya magharibi, na nitamwita mimi, nisingoje aje yeye." Hicho ni kikwazo cha kweli, kwa kuwa wateja huingia alasiri. Angeandika "ikiwa nitakuwa na shughuli", ungejua hajafikiri bado. Kikwazo chema kina sura: mteja, mvua, simu ya bosi, mashua imechelewa.

Na katika cha nne anataja mshonaji aliyekaa naye meza moja. Asitaje mke wake wala kijana mwenyewe. Kumtwika mwanagenzi kazi ya kumkumbusha mlezi wake ni kumweka pabaya, na hatathubutu.

Tendo liwe moja. Watakuomba nafasi ya matatu, usiwape. Mtu aliyeandika matatu hufanya lile jepesi na kujihesabia.

Ukurasa wa nne ni wa kurudi. Uweke tarehe mbili, moja ya wiki mbili baadaye na nyingine ya wiki sita, na tarehe hizo zijazwe palepale ukumbini, kalenda ikiwa wazi. Chungulia pia mwezi wa Kiislamu. Wiki sita zikiangukia ndani ya Ramadhani mpango wa alasiri hauna maana tena, na Mfungo Sita kwa sababu ya Maulidi mji mzima huwa na wageni. Chini ya kila tarehe weka maswali mafupi: "Nilifanya, sikufanya, au nilifanya jingine?" Kisha: "Ikiwa sikufanya, nini kilitokea saa ile hasa?" Na la mwisho: "Tendo hili nalibakisha, nalibadilisha, au naliacha?" Lile "nilifanya jingine" usilisahau. Mara nyingi mtu hutimiza nia yake kwa njia asiyoiandika, na ukimpa machaguo mawili tu atajiandikia kushindwa.

Sasa jambo linaloniuma. Miaka kadhaa iliyopita, Malindi, niliendesha warsha kama hii kwa wasimamizi wa hoteli moja. Karatasi zilijazwa kwa uwazi mkubwa. Siku ya pili meneja akaomba "kuziona kidogo tu", nami nikampa. Wiki haijaisha, msimamizi mmoja aliitwa kuulizwa kuhusu sentensi aliyoiandika. Warsha iliyofuata kila mtu aliandika maneno ya harusi. Kosa lilikuwa langu, wala sikulirudia. Ndiyo maana sentensi ile ya jalada nimetaka ikokotezwe. Waambie pia wasiandike jina la mwanagenzi. "Kijana wangu" inatosha, maana mji wetu ni mdogo.

Lakini najua wafadhili watataka kitu cha kuonyesha. Weka basi kipande cha kukata chini ya ukurasa wa nne, sentimita 4, chenye nafasi ya lile tendo moja na zile tarehe mbili, bila jina. Kipande hicho utakikusanya. Ila kumbuka ukurasa wa nne na wa tatu ni jani moja, pande zake mbili. Ukikata chini ya wa nne umekata na chini ya wa tatu. Kwa hiyo acha sentimita 4 za chini za ukurasa wa tatu tupu kabisa, la sivyo utaondoka na jina la mtu atakayewauliza. Vidokezo vinne vya mpango vinaenea katika milimita 140 zilizobaki, nimepima.

Iwapo baadhi ya wanagenzi hawajafika miaka 18, na mlezi akakujia na jambo la mtoto kuumizwa, hilo si la karatasi. Simu 116 ni ya bure nchini kote kwa mambo ya watoto. Iandike kwa udogo pembeni ya jalada.

Kuhusu kuandika kwenyewe: wazee kadhaa wa Lamu wana mkono mwepesi wa herufi za Kiarabu kuliko hizi zetu. Mistari mitupu haina mwelekeo. Waambie waziwazi wanaweza kuandika kutoka kulia, wengine huona haya kuuliza. Asiyeandika kabisa akae na mtu anayemwamini, amwambie maneno yake, na karatasi abaki nayo yeye.

Muda wa kujaza usiuweke mwishoni mwa siku. Watu wa Matondoni hutazama maji, na mashua ikiwa inangoja watajaza ukurasa wa tatu kwa maneno matatu. Ukurasa wa pili wajaze mara tu baada ya slaidi ya kusikiliza, dakika 15 za kimya, na wewe usipite kati ya meza kuchungulia. Wa tatu uwe kabla ya chakula cha mchana, dakika 20. Dakika kumi za mwisho kila mtu amsomee jirani yake ile sentensi ya "ikiwa, basi" peke yake, na jirani awe na kazi moja: kuuliza, "na hilo nalo likishindikana?"

Kabla ya kuchapa nakala 24, chapa tatu. Mpe mchongaji mmoja, mshonaji mmoja na mwalimu mmoja, walio nje ya warsha yako, wajaze mbele yako bila wewe kueleza kitu. Wakikuuliza "hapa unataka nini?", swali hilo liandike upya hapo hapo kwa maneno utakayomjibu. Kisha waombe ruhusa uziweke karatasi zote tatu pamoja, uzibadilishe majibu kichwani: jibu la mshonaji ulipeleke kwa mchongaji, la mchongaji kwa mwalimu. Jibu lolote linalokaa vizuri kwa mtu asiye mwenyewe, swali lake bado ni slaidi. Lirudishie tukio, siku na mahali. Nadhani litakalokusumbua ni lile la kumwachia kazi, kwa walimu hasa, kwa sababu mwalimu mwanafunzi hupewa darasa zima au hapewi kitu. Kwao badilisha "kazi gani" iwe "sehemu gani ya somo", kisha niletee hizo tatu nizione.